Bati, risasi na digrii 183: namna ya kusoma mchoro wenye kutatiza wanafunzi wengi

Fundi wa redio anagusisha waya wa kulehemu kwenye chuma cha moto, tone linayeyuka, linashika mguu wa kipande na linaganda. Kazi imeisha. Siku tatu nyuma mteja anarudi: redio inakatika-katika, ukiipiga kofi inasema, ukiiacha inanyamaza. Fundi anafungua na anaona lile tone limekuwa la kijivu, halingʼai, limejaa chembe-chembe kama mchanga, na kuna ufa mdogo unazunguka ule mguu.

Wengi wanasema waya ulikuwa mbaya. Pengine. Lakini mara nyingi waya ulikuwa mzuri kwa kazi ingine, si kwa hiyo. Sababu yake iko kwenye mchoro mmoja wenye wanafunzi wa mambo ya metali wanaonyeshwa kwa projekta karibu kila mwaka: mchoro wa faze wa bati na risasi. Wengi wanaukopi, wachache wanausoma. Na kwa watu wa mashariki mwa Congo si mchoro wa mbali: bati yenyewe inatoka katika mawe ya kasiterite, yale yanayochimbwa Walikale, Kalima na pahali pengine, na karibu nusu ya bati yote ya dunia inaishia katika kazi ya kulehemu.

Kitu cha kwanza: slaidi inaonyesha nini

Mchoro uko na upande wa chini na upande wa kusimama. Upande wa kusimama ni joto: chini ni baridi, juu ni moto. Upande wa chini ni mchanganyiko. Kwenye mwisho wa kushoto kuko risasi tupu, ile metali nzito ya ndani ya betri za gari yenye wengi wanaita plombu. Kwenye mwisho wa kuume kuko bati tupu. Katikati ni michanganyiko yote: ukisimama kwenye 40, ni kusema katika gramu 100 kuko gramu 40 za bati na gramu 60 za risasi.

Hapa tayari kuna mtego. Slaidi nyingi ziko na vipimo viwili: chini ya mchoro asilimia kwa uzito, juu yake asilimia kwa hesabu ya atomu. Atomu ya risasi ni nzito kupita ya bati, kwa hiyo namba hazifanani. Mchanganyiko wenye 61.9 kwa uzito unakuwa karibu 74 kwa atomu. Mwenye anasoma mstari wa juu wakati alipima kwa mizani atakosea hesabu yote kabla hajaanza. Fundi na mchimbaji wanapima kwa uzito. Mstari wao ni ule wa chini, wenye mara nyingi umeandikwa wt% Sn.

Ndani ya mchoro, mistari inakata vyumba. Kila chumba kiko na jina la kile utakikuta mule. Chumba kikubwa cha juu kimeandikwa L: kila kitu ni maji-maji. Kwenye kona ya kushoto kuko chumba kidogo cha α, alfa: ni risasi ngumu yenye imemeza bati kidogo ndani yake, sawa vile chumvi inapotelea ndani ya maji. Kwenye kona ya kuume kuko chumba chembamba sana cha β, beta: ni bati ngumu yenye imemeza risasi kidogo. Vyumba vinavyobaki ni vya vitu viwili pamoja: α + L, β + L, na chini kabisa α + β.

Faze basi ni nini? Ni sehemu ya kitu yenye iko sawa-sawa pande zote na yenye inatengana na sehemu ingine kwa mpaka. Barafu ndani ya glasi ya maji ni faze mbili. Uji wa chembe ngumu ndani ya metali ya maji-maji ni faze mbili pia, na huo uji ndio asili ya ile redio yenye ilirudi.

Bonde la digrii 183

Risasi tupu inayeyuka kwa digrii 327. Bati tupu inayeyuka kwa digrii 232. Mtu anaweza kufikiri kwamba ukichanganya hizo mbili, mchanganyiko utayeyuka mahali fulani katikati, tuseme 280. Mchoro unakataa. Mstari wa juu, ule wenye unatenga maji-maji na uji, unashuka kutoka kushoto, unashuka pia kutoka kuume, na mistari hiyo miwili inakutana chini kama milima miwili inavyokutana kwenye bonde. Pale chini kuko digrii 183, na mchanganyiko ni asilimia 61.9 ya bati.

Ile ndio nukta ya eutektiki. Jina lilitolewa mwaka 1884 na mwanasayansi Mwingereza Frederick Guthrie, kutoka maneno ya Kigriki yenye maana ya kuyeyuka kwa urahisi.

Juu ya nini mchanganyiko unayeyuka chini kuliko kila moja peke yake? Atomu za risasi zinapenda kujipanga na atomu za risasi, na za bati na za bati. Katika hali ya maji-maji zinachanganyika zote bila shida, lakini katika hali ngumu kila moja inaweza kukubali wageni wachache tu. Maji-maji yanapata faida ya kuchanganyika, kitu kigumu hakiipati kiasi kile. Kwa hiyo maji-maji yanavumilia baridi zaidi mbele ya kuganda. Ni sababu ya namna hiyo yenye inafanya maji ya chumvi yagande chini ya digrii sifuri.

Lakini jambo kubwa la nukta hii haliko tu kwamba iko chini. Angalia kwenye slaidi: kila mchanganyiko mwingine, ukishuka kutoka juu, unapitia chumba cha uji mbele ya kufika kwenye ugumu. Pale kwenye 61.9 peke yake hakuna uji. Juu ya 183 ni maji-maji, chini ya 183 ni ngumu. Kwa hiyo mchanganyiko wa eutektiki unaganda kwa joto moja, kama metali tupu.

Katika maabara hii inaonekana kwa macho. Ukiacha mchanganyiko huo upoe polepole na ukiandika joto kila nusu dakika, namba zinashuka, kisha zinasimama kwenye 183. Zinabaki pale mpaka tone la mwisho ligande, ndipo zinaanza tena kushuka. Mchanganyiko wenye asilimia 40 ya bati unafanya tofauti: kwenye karibu 238 unaanza kupoa polepole zaidi, sababu chembe za kwanza zinazaliwa na kutoa joto, lakini hausimami. Unasimama tu ukifika 183. Mistari ya mchoro ilipatikana kwa kufanya hivyo kwa michanganyiko mingi, mmoja nyuma ya mwingine, na kuunga zile nukta.

Sasa rudi kwa fundi. Kwenye karatasi ya bobini ya waya kunaandikwa namba. Sn63/Pb37 ni karibu kabisa nukta ya eutektiki. Sn60/Pb40 iko jirani: inaanza kuganda kwenye 190 na inamaliza kwenye 183, digrii saba tu za uji. Sn40/Pb60 inaanza kwenye karibu 238 na inamaliza kwenye 183. Ni digrii 55 za uji. Mkono ukitikisika ndani ya muda huo, chembe zenye zilikuwa zinaanza kushikana zinapasuka, na maji-maji yenye yanabaki hayatoshi kuziba kila ufa. Tone linaganda la kijivu, lenye mchanga na ufa. Mteja atarudi.

Hii haisemi kwamba waya wa 40 ni mbaya. Mafundi wa bomba za risasi zamani walitafuta huo uji kwa makusudi, sababu waliweza kuufinyanga kwa kitambaa kuzunguka bomba mbele haujaganda. Kwa mguu mdogo wa redio ao wa telefone, kazi inaomba kinyume chake.

Uji kiasi gani? Mti wa kubebea bido

Mpaka hapa mchoro umesema kitu gani kiko. Unaweza kusema pia ni kiasi gani. Hapo wanafunzi wengi wanaanguka, sababu wanachanganya maswali mawili: kila faze imetengenezwa na nini, na kila faze iko nyingi namna gani.

Chukua kilo moja, gramu 1000, ya mchanganyiko wa asilimia 40 ya bati. Iyeyushe yote, kisha iache ipoe polepole mpaka 220. Weka kidole kwenye 40 upande wa chini, panda mpaka 220. Kidole kiko katika chumba cha α + L. Ni uji.

Sasa chora mstari wa kulala, kutoka kidole kwenda kushoto mpaka ukuta wa chumba, na kwenda kuume mpaka ukuta mwingine. Mstari hautoki nje ya chumba hicho. Kushoto unagusa ukuta kwenye 17: ni kusema chembe ngumu za alfa ziko na asilimia 17 ya bati. Kuume unagusa kwenye 46: ni kusema maji-maji yako na asilimia 46 ya bati. Swali la kwanza limejibiwa. Ona kwamba hakuna faze hata moja yenye iko na 40. Ile 40 ni ya kilo nzima.

Kwa swali la pili, fikiri watu wawili wanabeba bido ya maji iliyofungwa kwenye mti. Mmoja ameshika mwisho wa kushoto, kwenye 17. Mwingine ameshika mwisho wa kuume, kwenye 46. Bido imefungwa kwenye 40. Nani anabeba uzito mkubwa? Kila mwenye aliwahi kubeba hivyo anajua: yule mwenye bido iko karibu naye. Hapa bido iko karibu na maji-maji, basi maji-maji ni mengi.

Urefu wa mti wote ni 46 kutoa 17, ni 29. Kutoka bido mpaka mwisho wa maji-maji ni 46 kutoa 40, ni 6. Kutoka bido mpaka mwisho wa alfa ni 40 kutoa 17, ni 23. Uzito wa kila mmoja unapimwa na kipande cha mti cha upande wa mwenzake:

```
alfa      = 6 / 29  = 0.207  -> gramu 207
maji-maji = 23 / 29 = 0.793  -> gramu 793
```

Hii ndio kanuni ya wenzo. Kosa lenye linarudi kila mara ni kutumia kipande cha upande wa faze yenyewe, na kusema kwamba alfa ni 23 juu ya 29. Dawa iko rahisi: hesabu bati yote. Katika gramu 207 za alfa, asilimia 17 inafanya karibu gramu 35. Katika gramu 793 za maji-maji, asilimia 46 inafanya karibu gramu 365. Pamoja ni gramu 400, ile bati yenye iliwekwa mwanzo. Bati haipotei na haizaliwi ndani ya chungu. Ukipindua jibu, utapata gramu 793 za alfa zenye bati 135 na gramu 207 za maji-maji zenye bati 95. Jumla 230. Gramu 170 zimekwenda wapi? Hakuna mwizi, ni hesabu imepinduka.

Kushuka mpaka nukta

Acha kilo ile iendelee kupoa. Kadiri joto linashuka, alfa inaongezeka, na maji-maji yanapungua huku yakizidi kuwa na bati, sababu alfa inachukua risasi nyingi kuliko bati. Mwisho wa kuume wa mstari unateleza kwenye ule mlima kwenda bondeni. Juu kidogo ya 183, mwisho wa kushoto uko kwenye 18.3 na mwisho wa kuume kwenye 61.9. Mti wote ni 43.6, kutoka 40 mpaka 61.9 ni 21.9. Alfa inakuwa karibu gramu 502, maji-maji gramu 498. Nusu kwa nusu.

Angalia yale maji-maji: yamefika kwenye 61.9 yenyewe. Mchanganyiko wa mwanzo haukuwa wa eutektiki, lakini maji-maji yake ya mwisho ni ya eutektiki. Kwa hiyo kwenye 183 nusu yote inayobaki inaganda kwa mara moja. Haigandi kuwa kitu kimoja. Inajitenga kwa alfa na beta pamoja, kwa tabaka nyembamba zinazopishana, zenye zinaonekana kwa darubini kama mistari ya ngozi ya punda-milia. Kati ya tabaka hizo kunalala zile chembe kubwa za alfa zenye zilizaliwa mbele.

Kwenye mstari wa 183 wenyewe usitumie kanuni ya wenzo. Pale ziko faze tatu kwa wakati mmoja: alfa, beta na maji-maji. Mti unaombwa na wabebaji wawili, si watatu. Hesabu ama juu kidogo, ama chini kidogo.

Chini kidogo ya 183, mti unabadilika. Sasa kushoto ni alfa kwenye 18.3 na kuume ni beta kwenye 97.8. Urefu ni 79.5. Kutoka 40 mpaka 97.8 ni 57.8. Alfa inakuwa karibu gramu 727, beta gramu 273.

Mwanafunzi anashtuka: sasa hivi alfa ilikuwa 502, namna gani imekuwa 727? Namba zote mbili ziko sawa, lakini maswali si moja. Gramu 502 ni alfa ya kwanza, zile chembe kubwa. Gramu zingine 225 ni alfa yenye ilizaliwa ndani ya tabaka za eutektiki. Katika mtihani swali la alfa ya kwanza linajibiwa kwa mti wa juu ya 183, na swali la alfa yote linajibiwa kwa mti wa chini. Mwenye hasomi neno hilo moja katika swali anapoteza pointi hata kama hesabu yake ni safi.

Kile mchoro hausemi

Mchoro huu ulichorwa kwa kitu chenye kinapoa polepole sana, ili atomu zipate wakati wa kutembea na kujipanga. Tone la fundi linaganda kwa sekunde moja ao mbili. Chembe za alfa zinazaliwa na risasi nyingi katikati na bati zaidi pembeni, na hazipati wakati wa kujisawazisha. Kwa hiyo namba za kanuni ya wenzo kwa tone la kweli ni za kukaribia, si za gramu kwa gramu.

Mchoro hausemi pia umbo la chembe wala ukubwa wake. Kilo mbili zenye mchanganyiko moja, moja imepozwa haraka na ingine polepole, zitakuwa na alfa na beta karibu kiasi sawa, lakini moja itakuwa na tabaka nyembamba na ngumu zaidi. Hilo linaombwa darubini.

Na mchoro hausemi kwamba risasi ni sumu. Ndio maana Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vyombo vingi vipya vya umeme tangu Julai 2006, na waya nyingi za sasa ni za bati pamoja na fedha kidogo na shaba kidogo. Hizo zinayeyuka karibu digrii 217 mpaka 220. Fundi mwenye ameweka chuma chake kwa joto la waya wa zamani anaona tone halikimbii, na anafikiri waya ni wa uongo. Kumbe bonde la mchoro wa hizo metali liko juu zaidi. Kwa wenye bado wanatumia waya wa risasi, mikono inaoshwa kwa sabuni mbele ya kula, na waya haushikwi kwa meno.

Mbele ya kununua bobini, basi, geuza karatasi yake na tafuta ile namba ya Sn. Ikiwa 63 ao 60, uji ni wa muda mfupi. Ikiwa 40, mti ni mrefu, uji ni mwingi, na inafaa kile kipande kishikwe bila kutikisika mpaka joto lipite chini ya 183.